Vijana sita, turubai moja, kazi ya watatu

*Daktari, nina stoo ya mitumba Gikomba. Vijana sita hunichambulia tisheti: kamera, yaani zile nzuri kabisa, daraja la pili, na fagia, zile hafifu za mwisho. Nilipowaajiri niliwajaribu mmoja mmoja, na kila mmoja alitoa kama tisheti 120 kwa saa. Sasa wakiwa sita juu ya turubai moja, zinatoka kama 400 tu. Kuna mmoja alikuwa moto sana mwanzoni, naye amepoa. Nimeweka wawili wa kukagua madoa na matundu lakini bado yanapita hadi kwa wateja. Niwafute wawili, niwalipe kwa kipande, au nisimame juu yao siku nzima?*

Dada, usimfute mtu wala usiguse malipo kabla hujajua hizo tisheti zinapotelea wapi. Katika kazi ya pamoja kuna mashimo mawili, na dawa ya moja haitibu lingine. Shimo la kwanza ni la mikono: watu wanapishana, wanavutana juu ya tisheti ileile, wanangojeana gunia. La pili ni la bidii: mtu anapunguza nguvu kwa sababu yuko kwenye kundi. Hilo la pili ndilo wengi hulifikiria wanaposema vijana wanategea, ila kwa macho huwezi kuyatofautisha. Anayengoja gunia na anayetegea wanafanana kabisa: wote wamesimama.

Aliyelikuta jambo hili kwanza alikuwa mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, miaka ya 1880. Alitaka kujua nguvu za watu na wanyama katika kuvuta mizigo. Aliona kwamba watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Yeye mwenyewe aliielekeza lawama hasa kwenye kukosa mpangilio, yaani wavutaji kutovuta kwa wakati mmoja. Kwa miongo mingi baada ya hapo hakuna aliyetenganisha mashimo hayo mawili.

Mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake walibuni hila nzuri. Walimfunga mtu macho, wakamweka mbele kwenye kamba na kumwambia kwamba wenzake wanavuta nyuma yake. Wale wa nyuma walikuwa wanajifanya tu. Hapo hakuna wa kugongana naye wala wa kupishana naye, kwa hiyo nguvu zikishuka, ni bidii iliyoshuka. Na zilishuka. Jambo la kuliangalia kwa makini ni kwamba zilishuka alipoambiwa yuko na mwenzake mmoja, zikashuka tena kidogo kwa wawili, kisha kuongeza watu zaidi hakukubadilisha mengi. Ndiyo maana sikushauri kutoka sita kwenda wanne. Kwa upande wa bidii, hasara kubwa hutokea pale mtu anapoacha kuwa peke yake. Ukifuta wawili utabaki na wanne wanaotegea kama sita walivyotegea, na kazi ya watu wawili umeipoteza.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins walifanya vivyo hivyo kwa kupiga kelele na makofi. Washiriki walifungwa macho na kuvishwa vipokea sauti vyenye makelele, wasiweze kujua kama wenzao kweli wanapiga kelele. Mtu aliyeamini kwamba anapiga kelele na mwenzake mmoja alitoa asilimia 82 ya kelele alizotoa peke yake. Aliyeamini wako sita alitoa asilimia 74. Walipokuwa sita kweli, kelele zilizosikika zilikuwa asilimia 36 tu ya zile ambazo zingetarajiwa. Ukiziweka takwimu hizo pamoja, upungufu huo wa 64 katika kila 100 ulitoka kwenye mashimo yote mawili: 26 wa bidii, na 38 uliobaki wa mpangilio. Hiyo ndiyo sababu nakuomba upime kwanza. Ukidhani hasara yako yote ni uvivu, huenda unawaadhibu watu kwa makosa ya turubai.

Na ujue jingine: katika majaribio ya aina hii, washiriki wakiulizwa, mara nyingi husema walijituma sawasawa wakiwa peke yao na wakiwa na wenzao. Ama hawajui kwamba wamelegeza, ama hawataki kukiri. Kwa hiyo ukimwita kijana ukamuuliza "mbona unategea?", atakataa, na anaweza kuwa anasema kweli yake.

Sasa twende kwenye stoo yako. Kwanza naishuku ile 120. Uliwapima wakati wanatafuta kazi, wewe umesimama pale, na pengine kwa saa moja tu ya mwanzo mikono ikiwa haijachoka. Pima upya: kila mmoja peke yake, saa mbili katikati ya asubuhi, tisheti za robota la aina ileile. Usichanganye robota la tisheti za watoto na la tisheti za wakubwa, wala lenye fagia nyingi na lenye fagia chache, kwani kasi itabadilika bila mtu kubadilika. Tuseme wastani unatoka 110. Basi sita wanapaswa kutoa 660 kwa saa, si 720. Huo tayari ni upungufu wa 60 ambao haukuwa wa mtu yeyote.

Baada ya hapo unahitaji kile Ingham alichopata kwa kitambaa cha macho: hali ambamo hakuna msongamano, lakini mtu bado anajua kazi yake haitambuliki. Ondoa lile turubai moja. Mpe kila kijana meza yake au kipande chake cha turubai, mbali kidogo na mwenzake, na magunia yake matatu. Robota libaki la wote: kila mtu anachota kwa karai, anapeleka kwake, akimaliza anachota tena. Kila nusu saa mtu mmoja anapita, anamwaga magunia yote ya kamera pamoja, ya daraja la pili pamoja, ya fagia pamoja. Unahesabu jumla tu, humwandiki mtu.

Kuna mtego hapa. Ukimpa kila mtu robota lake zima, tayari umeifichua kazi yake, kwa sababu kila apitaye anaona la nani limepungua na la nani bado limejaa. Kipimo chako kitakuwa kimechanganya mambo mawili uliyokuwa unajaribu kuyatenganisha. Ndiyo maana nasema karai.

Fanya hivyo asubuhi tatu au nne. Kisha hatua ya mwisho: kila kitu kibaki vilevile, meza zilezile, karai zilezile, isipokuwa kila kijana anafunga tisheti zake mafungu ya kumi kumi kwa utepe wa rangi yake. Tepe unazikata kwenye fagia. Jioni unahesabu mafungu kwa rangi. Asubuhi tatu au nne tena. Ikiwezekana rudia hatua zote mbili kwa kupokezana, maana wiki ya mwisho wa mwezi si sawa na wiki ya katikati, na kitu chochote kipya huwachangamsha watu siku mbili tatu kisha kikapoa. Malipo ya siku yasibadilike kipindi hiki chote. Ukibadilisha malipo pamoja na meza, hutajua kipi kilichofanya kazi.

Chukua mfano wa hesabu, namba ni zangu za kukuonyesha tu. Kwenye turubai moja walitoa 400. Kwenye meza bila tepe wakatoa 520. Kwenye meza na tepe wakatoa 630. Kutoka 400 hadi 520 ni tisheti 120 zilizokuwa zinamezwa na msongamano. Hakuna mtu alizificha. Kutoka 520 hadi 630 ni 110 zilizorudi pale tu kazi ya mtu ilipoanza kuonekana kuwa yake. Hizo ndizo za kutegea. Zinazobaki, 30 hivi kutoka 630 hadi 660, achana nazo: mtu lazima apige soga, anywe chai.

Lakini pengine kwako itatoka 400, 610, 630. Hapo huna watu wanaotegea, una turubai dogo, na ukinunua meza mambo yameisha. Au itatoka 400, 420, 630, na hapo meza peke yake ingekuwa hela ya bure. Jambo moja ambalo lazima ulipime pia pamoja na utepe ni ubora, nitalirudia.

Kwa nini utepe unafanya kazi? Mwaka 1981 Williams, Harkins na Latané walionyesha kwamba mtu akiamini sauti yake inapimwa peke yake hata akiwa kwenye kundi, kutegea kunatoweka. Wengi huishia hapo, wanasema "watambulishe watu" basi. Harkins na Jeffrey Jackson waliongeza kitu mwaka 1985 ambacho kwangu ndicho kiini: kutambulika peke yake hakutoshi, lazima kazi ya mtu iweze kulinganishwa na ya wengine. Washiriki wakijua kila mmoja amepewa kazi tofauti isiyolinganishika, wanategea hata kama karatasi zao zina majina. Katika harambee zetu mtoaji hatajwi jina tu, hutajwa na kiasi alichotoa, mbele ya watu wanaojua jirani yake ametoa ngapi. Ukitaja majina bila kiasi, uone mfuko utakavyokuwa mwepesi.

Kwa stoo yako maana yake ni hii: tepe zikiwa na rangi sita lakini mmoja anachambua tisheti, mwingine suruali, mwingine makoti, hesabu ya jioni haimwambii mtu lolote. Wote sita wachambue kitu kimoja kwa wakati mmoja, wachote robota moja. Jioni mwambie kila mtu namba yake na wastani wa kundi. Mimi singebandika ukutani orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho. Anayekuwa wa sita kila siku ataondoka au atachafua kazi, na mara nyingine wa sita ndiye anayechambua kwa uangalifu.

Tukirudi kwa yule kijana aliyepoa. Namwona kama dalili nzuri ya kwamba kutegea kupo kweli, kwa sababu msongamano peke yake hupunguza kasi ya wote tangu siku ya kwanza. Haumfanyi mtu mmoja mwenye kasi apoe polepole baada ya wiki kadhaa. Williams na Steven Karau walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu anayeona kazi ni muhimu na wenzake ni dhaifu anaweza kwanza kujituma zaidi ili kufidia. Hilo linafanana na mwanzo wake. Lakini Norbert Kerr alionyesha mwaka 1983 upande mwingine: mtu akigundua mwenzake anaweza kazi ila anamwachia yeye, hupunguza bidii yake hata kama anajiumiza, kuliko kukubali kuwa mjinga wa kundi. Kijana wako alianza na la kwanza, akaangukia la pili. Analipwa sawa na wengine, anatoa zaidi, na hakuna anayejua ila wao sita. Usianze kumwonya yeye. Ukianza na tepe, utamwona kama atapanda mwenyewe; asipopanda, tafuta sababu nyingine, pengine nyumbani, pengine mgongo.

Ukaguzi wa madoa na matundu ni kazi ya aina nyingine kabisa. Kuchambua ni kazi ya kujumlisha: tisheti za huyu zinaongezwa kwenye za yule. Kukagua ni kazi ambayo mmoja akiona doa, inatosha. Katika kazi kama hiyo kila mtu anajiona anaweza kukosekana, kwa sababu mwenzake ataliona. Kerr na Steven Bruun waliandika juu ya hili mwaka 1983: bidii hupungua pale mtu anapoamini mchango wake hauhitajiki ili kundi lifaulu. Wakaguzi wawili wanaoangalia tisheti ileile kwa kosa lilelile wanaweza kukupa ukaguzi dhaifu kuliko mmoja, maana wa kwanza anajua kuna wa pili, na wa pili anajua wa kwanza ameshapita. Ukiongeza wa tatu utaharibu zaidi.

Dawa si kuwasimamia, ni kugawa jicho. Mmoja aangalie mbele ya tisheti: madoa na michoro iliyopasuka. Mwingine aangalie nyuma, kwapa, na mishono. Mambo ya mmoja hayamhusu mwenzake. Harkins na Richard Petty waliona mwaka 1982 kwamba watu wakiamini mchango wao haurudiwi na mwingine, wanajituma kama walivyo peke yao hata pale kazi yao isipotambulishwa kwa jina. Ila wewe unaweza kuitambulisha pia, kwa urahisi: kosa la kwapa likifika kwa mteja, unajua lilipita kwa nani. Kila siku chukua tisheti ishirini za kamera zilizokwisha kaguliwa, uziangalie mwenyewe kwenye mwanga mzuri, uandike makosa ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Dakika kumi na tano zinatosha.

Hapa ndipo lile la ubora linaporudi. Ukihesabu kasi ya vijana sita na usihesabu kingine, baada ya wiki moja tisheti za kamera zitaanza kupatikana kwenye daraja la pili. Si wizi. Kuamua kama tisheti ni kamera au la huchukua sekunde chache za kufikiri, na anayehesabiwa mafungu hatazitumia. Kuitupa daraja la pili ni haraka na hakuna atakayelalamika, maana mteja anayepata kamera kwa bei ya daraja la pili hasemi kitu. Hasara inabaki kwako kimya kimya. Kwa hiyo kila siku chota fungu moja la daraja la pili kutoka kwa kila rangi, uhesabu kamera zilizojificha. Zikizidi moja kwenye kumi kwa mtu fulani, kasi yake usiisifu.

Hili pia ndilo jibu langu kuhusu kulipa kwa kipande. Malipo ya kipande yanaondoa kutegea, hilo halina ubishi, lakini yanaufanya mtego wa daraja la pili kuwa mkubwa mara nyingi zaidi, kwani sasa kila sekunde ya kufikiri inamkata mtu pesa. Kama unataka kufika huko, fika baada ya mwezi wa tepe na ukaguzi wa fungu, ukijua kiwango cha kawaida cha kamera zinazojificha. Ulipe mshahara wa siku kama ilivyo, halafu nyongeza ndogo kwa kila fungu juu ya wastani, isiyolipwa kwa mtu ambaye fungu lake la ukaguzi lilifeli. Mimi ningeanza bila nyongeza kabisa. Mara nyingi kuonekana kwa kazi kunatosha.

Kusimama juu yao siku nzima kutafanya kazi kwa muda ule unaosimama, na wewe unakuwa mfanyakazi wa saba usiyechambua. Ukiwa na kundi kwenye turubai moja unaona kwamba watu wanakuona, huoni nani ametoa nini.

Kama stoo ni ndogo na meza sita haziingii, kuna njia ya pili ambayo siipendi sana ila si mbaya. Harkins na Kate Szymanski walionyesha mwaka 1989 kwamba kundi likiwa na kipimo cha kujipimia lenyewe, kutegea kunapungua hata kama kazi ya mtu mmoja mmoja haijulikani. Wagawe wawili wawili juu ya turubai tatu ndogo, kila jozi na rangi yake, na ubao ukutani wenye namba ya jozi nzuri ya jana. Katika jozi kila mtu anajua mwenzake anafanya nini, na namba ya jozi inajulikana. Badilisha jozi kila wiki, la sivyo yule mwenye kasi atajikuta amefungwa na mtu mmoja mwezi mzima, na tutarudi palepale pa mjinga wa kundi.

Karau na Williams walikusanya tafiti 78 mwaka 1993 wakaona kutegea kunajitokeza karibu kila mahali, lakini ni kudogo zaidi kwa wanawake, kwa watu wa Asia ya Mashariki, na kwa makundi yanayothaminiana. Nyingi za tafiti hizo ni za wanafunzi wageni kwa wageni, wakifanya kazi ya dakika chache. Vijana wako wanafahamiana, wengine labda wametoka kijiji kimoja. Hilo linaweza kukufanya upate 610 na 630 badala ya 520 na 630, na hapo ujue hawa wanajituma tayari. Nunua meza, uache tepe.